Kifaa kizima, programu nzima, ila haviongei: kutafuta hitilafu kwenye kompyuta yako ya kwanza

Mpwa wangu alinunua kompyuta yake ya kwanza, iliyotumika, na usiku wa siku hiyo hiyo akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Nimeuziwa mbovu."

"Marahaba. Mbovu vipi?"

"Haina waifai. Si kwamba haikamati, haina kabisa. Hata ile alama yake siioni."

Nikamuuliza kama muuzaji alimwonyesha waifai ikifanya kazi kabla ya kulipa. Akasema ndiyo, ilikamata vizuri tu. Baadaye muuzaji "akaisafisha", yaani akafuta kila kitu kilichokuwemo na kuweka Windows upya ili aondoke nayo ikiwa tupu. Hapo nikamwambia asirudishe kitu kwanza, kwa sababu alichoeleza hakikuwa ugonjwa wa kifaa. Kifaa kilikuwemo ndani kama kilivyokuwa mchana. Kilichokuwa kimeondoka ni yule anayekisemea.

Ukielewa jambo hilo moja, matatizo mengi ya kompyuta mpya hayatakutisha. Programu unayoiona kwenye skrini haigusi kifaa chochote moja kwa moja. Unapobonyeza kitufe cha kuchapa barua, programu ya kuandikia haijui printa yako ni ya kampuni gani, wala imechomekwa wapi. Inachofanya ni kuuambia mfumo endeshi, mathalani Windows au Linux, "hizi hapa kurasa, zichapwe." Mfumo endeshi unaipanga kazi hiyo kwenye foleni, kisha unamkabidhi draiva. Draiva ni programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya kifaa cha aina fulani, nayo ndiyo inayojua amri ambazo kifaa hicho kinazielewa. Jibu likitoka kwenye kifaa, kwa mfano kwamba karatasi zimekwisha, linarudi kwa njia ile ile: kifaa, draiva, mfumo endeshi, programu.

Kwa hiyo hitilafu yoyote ina mahali patatu pa kujificha: kwenye programu, kwenye mfumo endeshi pamoja na draiva zake, au kwenye kifaa chenyewe. Kazi yako ni kupajua mahali penyewe kabla ya kutoa hela au kurudisha kompyuta.

Maswali mawili kabla ya kugusa kitu

La kwanza: je, tatizo liko kwenye programu moja tu au kwenye zote? Sauti ikikataa kwenye programu moja ya video lakini wimbo ukasikika kwenye nyingine, basi spika ni nzima, draiva ni nzima, na mfumo endeshi unafanya kazi yake. Tafuta ndani ya ile programu moja.

La pili: je, tatizo lipo hata kabla mfumo endeshi haujawaka? Kompyuta ikiwashwa, sekunde chache za mwanzo huwa mikononi mwa programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa ndani unaobeba vifaa vyote, nayo ndiyo inayoonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza. Wakati huo Windows bado imelala kwenye diski. Kama skrini ina mistari kuanzia kwenye nembo, usiilaumu Windows wala draiva, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichokwisha kuingia. Hapo ni kifaa.

Nayapenda maswali haya kwa sababu hayahitaji ujuzi wala bisibisi. Yanahitaji kutazama tu.

Dalili: kifaa hakionekani kabisa

Hii ndiyo ya mpwa wangu. Waifai haipo, au sauti haipo, au skrini inawaka lakini maandishi ni makubwa kupita kiasi na mwanga haupunguki.

Hiyo ya skrini ina maelezo mazuri. Windows ikikosa draiva ya kadi ya picha, haikuachi gizani. Inatumia draiva ya akiba inayoitwa `Microsoft Basic Display Adapter`, ambayo inajua mambo ya msingi tu ambayo karibu kadi zote huyaelewa. Ndiyo maana picha inatokea, ila imekuzwa na imepooza, na video zinakwamakwama. Vifaa vingine havina bahati hiyo. Kadi ya waifai ikikosa draiva inayoijua, haina mbadala, inanyamaza.

Nilimwambia mpwa wangu abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start na achague `Device Manager`. Ukurasa huo ni daftari la mahudhurio: kila kifaa ambacho mfumo endeshi umekiona kimeandikwa humo, kiwe kina draiva au hakina. Chini ya kichwa `Other devices` alikuta mstari `Network Controller` wenye kialama cha njano. Tukafurahi wote wawili. Mstari ule ulikuwa unasema kwamba kadi ipo na inaitika ikiitwa, ila mfumo endeshi haujui izungumzishwe lugha gani.

Ukibofya mstari wa namna hiyo mara mbili unaonyeshwa namba ya kosa, na namba hizo zina thamani kuliko makisio ya mtu yeyote. `Code 28` maana yake draiva haijawekwa. `Code 22` ni kwamba kifaa kimezimwa na mtu, nawe unakiwasha hapo hapo kwa `Enable Device`. `Code 10` ni kwamba draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. `Code 43` inasema kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya matatizo na Windows imekisimamisha. Hiyo ndiyo ya kuiogopa kidogo, maana ingawa draiva mbovu inaweza kuileta, mara nyingi kifaa kina kasoro. Kama hutaki kupekua madirisha, amri hii kwenye `Command Prompt` inakupa orodha ya vifaa vyenye matatizo peke yake:

```
pnputil /enum-devices /problem
```

Ya mpwa wangu ilikuwa 28. Swali likabaki ni draiva ipi. Kwenye dirisha lile lile kuna kichupo `Details`, na ndani yake ukichagua `Hardware Ids` unapata maandishi ya namna hii:

```
PCI\VEN_8086&DEV_2723
```

Hicho ni kitambulisho ambacho kifaa kinajitajia chenyewe kinapoulizwa na mfumo endeshi. `VEN` ni mtengenezaji na `DEV` ni aina ya kifaa. 8086 ni Intel, waliojichagulia namba ya prosesa yao maarufu ya mwaka 1978; 10EC ni Realtek; 10DE ni NVIDIA. Ukiwa na namba hizo mbili huwezi kudanganywa na faili lisilo lake. Njia iliyo salama zaidi, hata hivyo, ni kwenda kwenye ukurasa wa huduma wa kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, uandike modeli yake, uchukue draiva hapo. Usipakue ile programu inayojitangaza kwamba itakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimesafisha kompyuta za watu walioiamini, na kilichojaa humo hakikuwa draiva.

Sasa kuna fumbo ambalo wengi hukwama nalo: draiva ya waifai iko mtandaoni, na mtandaoni huwezi kufika bila waifai. Dawa ni simu. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa `USB tethering`. Windows ina draiva yake yenyewe ya njia hiyo, kwa hiyo haihitaji kupakua kitu. Inaiona simu kama waya wa mtandao. Mpwa wangu alifanya hivyo, akafungua `Windows Update`, akabonyeza kutafuta masasisho, akaacha. Dakika chache baadaye ile alama ya waifai ikatokea yenyewe.

"Mjomba, kumbe ilikuwemo!"

Ilikuwemo. Lakini tuseme `Device Manager` isingeonyesha kitu chochote, wala mstari wa njano, wala `Network adapters` yenye jina la kadi. Hapo habari inabadilika, kwa sababu kifaa kisichojiandikisha kabisa huenda kimezimwa kwenye mipangilio ya ubao mama, kimelegea mahali pake, au kimekufa. Njia ya kuamua ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo endeshi mwingine bila kugusa uliomo. Linux nyingi zinaweza kuwekwa kwenye flashi na kuwashwa kutoka humo humo. Ukishaingia, fungua dirisha la amri na uandike:

```
lspci -k
```

Utaorodheshewa vifaa vilivyounganishwa ndani, na chini ya kila kimoja mstari `Kernel driver in use` ukitaja draiva inayokihudumia. Kadi ikionekana hapo na waifai ikakamata, kifaa ni kizima na kosa liko Windows. Isipoonekana hata huko, na haikuzimwa kwenye mipangilio ya ubao mama, rudi kwa muuzaji na ushahidi wako mkononi. Kuna tahadhari moja: kadi zilizochomekwa kwa njia ya USB hazitokei kwenye `lspci`, hizo zinaitwa kwa `lsusb`.

Dalili: kamera inafanya kazi huku, kule ni giza

Draiva ipo, kifaa kinaonekana, programu moja inakitumia vizuri na nyingine inapewa picha nyeusi. Tatizo hili lina mzizi tofauti. Mbali na kutafsiri, mfumo endeshi ni bawabu. Programu inaomba kamera, na bawabu anaangalia mambo mawili: je, mwenye kompyuta amemruhusu huyu, na je, kuna mwingine anayeitumia sasa hivi?

Kwenye Windows 11, ruhusa ziko `Settings`, kisha `Privacy & security`, kisha `Camera`. Soma ukurasa wote mpaka chini, usiishie kwenye swichi ya juu. Programu ulizochukua kutoka duka la Microsoft zina swichi moja moja, lakini zile ulizopakua kwenye tovuti mbalimbali hufuata swichi moja ya pamoja iliyoandikwa `Let desktop apps access your camera`. Watu huwasha ya juu, hawaioni ya chini, kisha wanaishia kununua kamera nyingine.

Ruhusa zikiwa sawa, tazama kitaa kilicho kando ya kamera. Kama kinawaka na programu yako bado inaonyesha giza, huenda kuna programu nyingine imeishika kamera. Mara nyingi ni ya mikutano uliyodhani umeifunga kumbe imejikunja kona ya chini ya skrini. Ifunge kabisa, kisha ujaribu tena. Kitaa kisipowaka, na programu ya `Camera` iliyokuja na Windows ikikupa ujumbe `0xA00F4244<NoCamerasAreAttached>`, bawabu anasema hana kamera ya kumpa mtu. Kabla hujarudi kwenye `Device Manager`, kagua kifuniko kidogo cha kusogeza na vitufe vya juu ya kibodi. Kwenye baadhi ya kompyuta kitufe cha faragha hukata kamera kabisa, na mfumo endeshi unaona kana kwamba imechomolewa.

Dalili: programu imeganda

Dirisha limepauka, juu yake pameandikwa `Not Responding`, na wewe mkono uko kwenye kitufe cha kuzima. Ngoja kidogo.

Prosesa, sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu, haifanyi kazi za programu zote kwa wakati mmoja kama inavyoonekana. Mfumo endeshi unaigawa: programu hii inapewa vipande vidogo vya muda, kila kimoja kikiwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha inasimamishwa, anaingia mwingine. Zamu zinakwenda upesi hata jicho halizioni. Programu haiulizwi kama imemaliza; zamu ikiisha inapokonywa. Ndiyo sababu programu moja ikipotea njia, wimbo unaendelea kuimba kwenye nyingine.

Maneno yale `Not Responding` hayaandikwi na programu. Yanaandikwa na Windows, baada ya dirisha kukaa sekunde tano bila kupokea ujumbe wowote liliotumiwa, iwe mbofyo au herufi. Kwa hiyo maana yake si "imekufa", ni "haipokei wageni." Huenda inafungua faili kubwa. Bonyeza `Ctrl+Shift+Esc` ufungue `Task Manager`, tafuta jina lake, uangalie safu za `CPU` na `Disk` kwa nusu dakika. Namba zikichezacheza, ina kazi, iache. Zikikaa sifuri tu, inasubiri kitu: mtandao usiojibu, flashi iliyochomolewa, au kidirisha chake chenyewe kilichojificha nyuma kikitaka ubonyeze ndiyo au hapana. Kitafute hicho kwanza. Ukikikosa, chagua `End task`. Mfumo endeshi utainyang'anya kumbukumbu yote iliyoshika na kuyafunga mafaili iliyoyafungua, nyingine zisiguswe. Usichokuwa umekihifadhi kinaondoka nayo, hilo halina dawa.

Mambo ni mengine skrini nzima ikiganda. Bonyeza `Caps Lock` mara mbili tatu huku ukitazama taa yake. Taa hiyo kwa kawaida haiwashwi na kibodi yenyewe. Kibodi inapeleka habari kwamba umebonyeza, na mfumo endeshi ndio unaoamuru taa iwake. Taa ikiitikia, kiini cha mfumo kiko hai na kinachokwama ni picha tu. Basi jaribu `Win+Ctrl+Shift+B`, ambayo kwenye Windows huianzisha upya draiva ya picha: skrini hupepesa, husikika mlio, na mara kadhaa nimeona kila kitu kikirudi kilipokuwa bila kupoteza hata sentensi. Taa isipoitikia, ama kibodi haina taa inayofuata utaratibu huo, ama kiini chenyewe kimesimama. Hapo ndipo unaposhikilia kitufe cha kuzima mpaka izime.

Dalili: mpya, lakini inakwenda kama imechoka

Hapa ndipo ninapopata maswali mengi kuliko pengine popote, na hapa ndipo watu huuziwa dawa ya ugonjwa wasio nao.

Kila programu inayofunguliwa inahitaji kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile iliyoandikwa `RAM`. Ukiacha zigombanie, mojawapo ingeandika juu ya kazi ya mwenzake. Mfumo endeshi unazuia hilo kwa ujanja: kila programu inaonyeshwa kumbukumbu kana kwamba yote ni yake peke yake, na nyuma ya pazia mfumo unaigawa kumbukumbu halisi vipande vipande, kwa kawaida vya kilobaiti 4 kila kimoja, na kuandika kwenye daftari kipande kipi ni cha nani. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kumbukumbu halisi ikijaa, programu hazianguki. Mfumo unachagua vipande ambavyo havijaguswa kwa muda, unaviandika kwenye diski, kwa Windows ndani ya faili liitwalo `pagefile.sys`, na nafasi inampa anayeihitaji.

Bei ya ujanja huo ni muda. Kusoma kitu kwenye kumbukumbu kunachukua takriban nanosekunde 100. Kukifuata kwenye diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka, kunachukua kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Diski ya kisasa isiyozunguka iko katikati, kwa makadirio mara elfu moja. Fikiria karatasi iliyo mezani mbele yako na karatasi iliyomo kabatini chumba cha pili. Ukiifuata ya kabatini mara moja moja, hakuna neno. Lakini meza ikiwa ndogo mno, kila karatasi unayoileta inalazimu nyingine irudishwe kabatini, na dakika ijayo utaihitaji hiyo hiyo uliyoirudisha. Siku nzima unatembea, huandiki.

Kompyuta niliyoikagua ya jamaa mmoja ilikuwa na GB 4, kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Alifungua kivinjari chenye vichupo kumi na mbili na programu ya mikutano. `Task Manager`, kwenye `Performance` na kisha `Memory`, ikasoma: `In use` 3.5 GB, `Available` 0.3 GB, `Committed` 6.1/7.5 GB. Hiyo `Committed` ndiyo ya kuangalia. Inasema programu zimeahidiwa GB 6.1 wakati meza yenyewe ni ya GB 4. Sehemu kubwa ya kinachozidi huenda inalala kabatini. Safu ya `Disk` ilikuwa 100% bila kushuka, na jamaa alishaambiwa prosesa yake imepitwa na wakati. Prosesa ilikuwa inafanya kazi asilimia 15! Muda wote uliobaki ilikuwa imekaa ikisubiri karatasi. Akaongeza kumbukumbu ikafika GB 8, na vichupo vile vile havikumsumbua tena.

Lakini usikimbilie kununua kumbukumbu kwa sababu umeona diski iko 100%. Kompyuta iliyowekwa Windows leo hupitisha saa zake za mwanzo ikivuta masasisho, ikikagua virusi na kuorodhesha mafaili yako ili uweze kuyatafuta baadaye. Kazi hizo zote huila diski. Tofauti iko kwenye safu ya `Memory`. Diski 100% na kumbukumbu nusu tu maana yake mara nyingi ni shughuli za ugeni. Iache imewashwa na umeme usiku kucha, kesho uitazame tena. Diski 100% na kumbukumbu zaidi ya 90%, hiyo ndiyo meza ndogo. Na kabla ya kununua, hakikisha kumbukumbu ya kompyuta yako inaweza kuongezwa, maana kwenye kompyuta nyingi nyembamba za sasa kumbukumbu imechomelewa kwenye ubao mama moja kwa moja.

Dalili: umeambiwa GB 8, inatumia tatu na kitu

Fungua `Settings`, `System`, `About`. Ukikuta `8.00 GB (3.45 GB usable)`, shuka mpaka `System type`. Kama pameandikwa `32-bit operating system, x64-based processor`, hujaibiwa kumbukumbu, umewekewa mfumo endeshi usioweza kuifikia. Anwani yenye biti 32 inaweza kutaja baiti 4,294,967,296 tu, ambazo ni GB 4, na baadhi ya anwani hizo hutumiwa na vifaa. Neno `x64` hapo linakuambia prosesa iko tayari kwa biti 64, kwa hiyo kinachohitajika ni kuweka Windows ya biti 64 upya. Upungufu mdogo, kama 7.8 kati ya 8, ni wa kawaida: kadi ya picha isiyo na kumbukumbu yake hukatiwa kipande.

Dalili: skrini ya buluu, ambayo kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi

Programu ya kawaida haina uwezo wa kuiangusha kompyuta. Inafanya kazi ndani ya uzio, na ikikanyaga pasipo pake mfumo endeshi unaifunga yenyewe. Draiva nyingi, kwa upande mwingine, huishi ndani ya kiini cha mfumo, mle mle zinapotolewa amri za vifaa. Zikikosea, hakuna aliye juu yao wa kuzikamata, na Windows inaona heri isimame na kuonyesha skrini hiyo kuliko kuendelea na kuharibu mafaili yako.

Kwa hiyo ukiiona skrini hiyo, usiondoe programu ya kuchezea muziki. Piga picha ujumbe wake kwa simu. Kama unataja faili linaloishia na `.sys`, hiyo huwa ni draiva. Jina lake ukilitafuta utajua ni ya kifaa gani, nawe unaisasisha, au ikiwa matatizo yalianza baada ya sasisho, unairudisha ya zamani kwa `Roll Back Driver` kwenye `Device Manager`. Kama ujumbe unabadilika kila mara, leo `MEMORY_MANAGEMENT`, kesho kingine kisichofanana, shuku kumbukumbu yenyewe. Bonyeza `Win+R`, andika amri hii, na uiache kompyuta ijiwashe upya na kujipima:

```
mdsched.exe
```

Kipimo hicho kinafanyika Windows ikiwa haijawaka, na ndiyo maana nakiamini: hakuna draiva wala programu ya kusingiziwa. Kikileta kosa, hata moja, karibu kila mara kadi ya kumbukumbu ina kasoro na hakuna kuweka Windows upya kutakakoiponya. Kama zimo kadi mbili, mwambie fundi atoe moja, apime, abadilishane, apime tena. Itakayoleta kosa ikiwa peke yake ndiyo ya kurudisha.